Simu zote zimeisha salama, mbona woga hauondoki?

SWALI: Shikamoo mshauri. Nina miaka 26. Simu ikiita, hata ya mtu ninayemfahamu, moyo unaenda mbio na naiacha mpaka ikatike yenyewe. Halafu natuma ujumbe kwamba nilikuwa kwenye kikao. Ana kwa ana naongea na watu bila shida. Mwezi ujao naanza kazi ya kuwapigia wateja. Nimejilazimisha kupiga simu kadhaa, kila neno nimeliandika kwenye karatasi, na zote zimeisha vizuri, lakini woga uko palepale. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba. Nianze na karatasi, maana nadhani ndiyo imekuficha jibu. Mtu akifanya jambo analoliogopa na likaisha salama, akili yake hujifunza kwamba jambo lile halina hatari. Yako haikujifunza hivyo kwa sababu ilikuwa na maelezo mengine tayari: "Nimenusurika kwa kuwa nilikuwa na karatasi." Kwa hiyo simu zako zote njema zimehesabiwa kuwa ushindi wa karatasi, na simu yenyewe imebaki na sura yake ileile ya kutisha. Ungeweza kupiga simu za namna hiyo mwaka mzima na usione mabadiliko.

Sisi huita mambo kama hayo tabia za kujikinga. Wanasaikolojia wawili wa Uingereza, David Clark na Adrian Wells, walieleza mwaka 1995 jinsi hofu ya kijamii inavyojilisha yenyewe, na tabia hizi wakazipa nafasi kubwa katika maelezo yao. Karatasi ni moja tu. Jichunguze kama una nyingine: kupiga saa ambayo unatumaini mwenzako hatapokea, kuongea harakaharaka ili simu iishe, kujifungia chumbani asikusikie mtu, kuandaa sentensi inayofuata kichwani wakati mwenzako bado anaongea. Ule ujumbe wa kikao nao umo. Simu inapokatika unashusha pumzi, na nafuu ile ndiyo inayoufundisha mwili kukimbia tena safari ijayo.

Tabia hizi pia huharibu mazungumzo yenyewe. Anayesoma karatasi hasikilizi. Mteja akiuliza jambo lisiloandikwa, msomaji anakwama, na kukwama kule anakuona kama ushahidi kwamba aliogopa kwa haki.

Sasa, kwa nini simu ikushinde wakati ana kwa ana unaongea vizuri? Ana kwa ana unasaidiwa na uso: mwenzako anatikisa kichwa, anatabasamu, unajua yupo nawe. Kwenye simu alama hizo zote zimeondoka, na kilichobaki kikubwa ni kimya kati ya maneno yako na jibu lake. Kimya hicho hukisomi vizuri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ukilinganisha lugha kumi ulionyesha kwamba watu hujibu swali upesi sana, kwa wastani wa milisekunde kama 200, yaani moja ya tano ya sekunde. Masikio yetu yamezoea kasi hiyo. Lakini sauti ya simu huchukua muda kusafiri. Tuseme mtandao ni mzito na sauti inachelewa milisekunde 300 kwenda na 300 kurudi. Mtu aliyekujibu papo hapo, wewe unamsikia baada ya milisekunde 800. Hakusita hata kidogo, ila kwako kimya kimekuwa mara nne ya kawaida, na mwenye woga hukijaza mara moja: "Amechukia. Nimesema upuuzi." Katika majaribio ambamo wachunguzi waliichelewesha sauti kwa makusudi, wazungumzaji waliwaona wenzao kuwa hawako makini, kumbe kosa lilikuwa la laini.

Basi kanuni ya kwanza ni hii: ukimaliza kusema, hesabu kimoyomoyo moja, mbili, kabla ya kuongeza neno lolote. Wengi wenye woga hukimbilia kujaza kimya, wakagongana na jibu lililokuwa njiani, kisha wote wawili wakanyamaza pamoja. Mgongano ule ndio huzaa aibu, wala si kimya chenyewe.

Kuhusu hatua, nitakueleza jinsi nilivyofanya kazi na kijana mmoja mwenye shida inayofanana na yako. Baadhi ya mambo nimeyabadilisha asitambulike. Tulianza kwa kuorodhesha simu za aina mbalimbali na kuipa kila moja alama ya woga kati ya 0 na 100, kipimo alichokianzisha daktari Joseph Wolpe na ambacho bado tunakitumia. Kusikiliza namba ya huduma inayojibiwa na mashine alikipa 15. Kumpigia dada yake bila kumwarifu kwanza, 30. Kupigia duka kuuliza wanafunga saa ngapi, 50. Kupokea namba asiyoijua, 65. Kumpigia mteja huku wenzake ofisini wanasikia, 90. Tulianzia kwenye 30, kwa sababu simu ya mashine haikuwa na mtu wa kumwogopa na isingemfundisha kitu. Ya 90 nayo tuliiweka kando. Mtu akianzia huko hurudi kwenye karatasi yake mara moja.

Kabla ya kila simu aliandika utabiri mmoja. Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo watu wanapoharakisha. "Itakuwa mbaya" si utabiri, kwa kuwa hakuna tukio linaloweza kuupinga. Andika jambo ambalo mtu mwingine angeweza kulisikia kwa masikio yake. Yeye, kwa simu za madukani, aliandika: "Nitakwama, na aliyepokea atakata simu." Akaweka na kiasi anachouamini: asilimia 80. Akapiga maduka matatu mfululizo, swali lilelile. La kwanza alijibiwa kwa sentensi moja. La pili alikwama kweli, kama sekunde mbili hivi, sauti ya upande wa pili ikasema "halo?", akauliza swali lake, akajibiwa. La tatu halikupokelewa. Baada ya hapo aliandika kilichotokea, si alivyojisikia: nilikwama mara moja, hakuna aliyekata. Utabiri wake ukashuka hadi asilimia 40.

Angalia kwamba simu iliyomfundisha zaidi ni ile ya pili, aliyokwama. Kwa hiyo juma lililofuata tulimpa kazi ya kukwama makusudi. Alipiga, akasalimu, akanyamaza sekunde tatu kwa hiari yake, kisha akauliza. Simu nyingine aliomba mtu arudie jibu mara mbili. Mtu akishakifanya kwa mikono yake kile anachokiogopa na akasikia mwenzake anasubiri tu, hofu inakosa pa kusimama. Nakuomba usiiruke hatua hii hata kama utaionea haya. Kuomba mtu arudie ni jambo la haki kabisa: laini ya simu ya kawaida hupitisha sauti za kati ya hezi 300 na 3,400 tu, na tofauti ya "s" na "f" iko zaidi juu ya hapo. Majina hukosewa kila siku kwenye simu, hata na waliozoea.

Karatasi haiondolewi kwa mkupuo mmoja. Badili maandishi yote kwa maneno matatu: mimi nani, nataka nini, nahitaji kuondoka na nini. Kwa kazi yako mpya inaweza kuwa "jina na ofisi; tarehe ya kufikishiwa mzigo; saa". Baada ya siku chache weka karatasi tupu mbele yako, ya kuandika anachosema mteja. Mkono unaoandika maneno ya mwenzako huyavuta masikio yako kwake, yakaacha kusikiliza kama sauti yako inatetemeka. Zoezi jingine la aina hiyo: kila simu ikiisha, taja mambo mawili uliyosikia upande wa pili, kama mtoto akilia, gari likipita, au mafua kwenye sauti yake. Ukishindwa kutaja hata moja, ulikuwa unajisikiliza mwenyewe.

Kupokea ni kugumu kuliko kupiga, kwa kuwa hukuchagua wakati. Waombe rafiki wawili wakupigie saa yoyote kati ya asubuhi na jioni, na mmoja wao atumie namba usiyoijua. Acha iite mara mbili, pokea ya tatu, sema jina lako. Unaruhusiwa kusema "naomba nikupigie baada ya dakika kumi", mradi zikifika dakika kumi upige kweli. Huko si kukimbia, kwani umepokea na umeahidi saa. Ujumbe wa kikao uache kabisa kuanzia leo. Namba za kigeni usizozitarajia hulazimiki kuzipokea zote, na namba za siri hazitajwi kwa mpigaji yeyote. Tahadhari hiyo si woga.

Fanya simu fupi tatu au nne kwa mkao mmoja, siku nyingi za juma, kuliko simu moja kila Jumamosi. Usiyapime maendeleo kwa mapigo ya moyo, maana moyo unaweza kwenda mbio katika simu iliyofanikiwa vizuri sana. Tazama vitu viwili: asilimia ya utabiri, na muda unaopita tangu uamue kupiga hadi ubonyeze namba. Kijana wangu alikuwa akizunguka nusu saa. Muda huo ulifupika wiki kadhaa kabla mwili wake haujatulia. Na simu ikiisha, andika maelezo yako ndani ya dakika mbili kisha uyafunge. Kuirudia kichwani usiku, neno kwa neno, hugeuza simu ya kawaida kuwa fedheha.

Kuna hali ambazo mpango huu hautoshi. Mwenye kigugumizi mara nyingi hulemewa zaidi na simu, na huyo anamhitaji mtaalamu wa tiba ya usemi. Kama unabonyeza sauti hadi mwisho na bado hupati maneno, pimwa masikio kwanza. Kama woga ulianza baada ya kupokea habari ya msiba au vitisho kwa simu, jeraha lile ndilo la kutibiwa. Na ikiwa hofu imedumu miezi sita au zaidi, imeenea hadi kwenye mikutano na kula mbele za watu, onana na daktari au mwanasaikolojia akuchunguze kama ni ugonjwa wa hofu ya kijamii, ambao una tiba ya mazungumzo na, kwa wengine, dawa za kila siku. Kumeza kidonge cha kutuliza au kunywa pombe kabla ya kupiga usijaribu. Hiyo nayo ni karatasi kwa sura nyingine. Kwako wewe, kwa ulivyoeleza, ningeanza kesho na mtu utakayempa alama 30.