Jibu la Baiopsi Likisema Binaini, Uliza Jina la Uvimbe

Mtu akikabidhiwa majibu ya baiopsi, yaani kipimo cha kipande cha nyama kilichotolewa kwenye uvimbe, macho yake hutafuta neno moja tu. Likiwa binaini, yaani si saratani, anashusha pumzi na kukunja karatasi. Likiwa malignanti, yaani saratani, mistari mingine yote inapotea machoni. Mimi ni fundi wa maabara ya patholojia hapa Kisumu. Ninakata na kupaka rangi vipande vya nyama ambavyo daktari wa patholojia huvisoma kwa darubini, na nimeona familia nyingi zikifanya uamuzi mkubwa kwa neno hilo moja. Nitazungumzia uvimbe wa titi, maana ndio nilioufuatilia nyumbani kwetu pia.

Kwanza maneno yenyewe. Tofauti kati ya binaini na malignanti haitokani na ukubwa wa uvimbe, wala na maumivu. Saratani nyingi za titi haziumi zinapoanza, na kuna vivimbe visivyo vya saratani vinavyouma sana. Daktari anaangalia tabia ya seli. Katika fibroadenoma, ambayo ni uvimbe wa kawaida wa binaini kwa wasichana na wanawake vijana, seli zinafanana, zimejipanga vizuri, na ukingo wa uvimbe ni laini. Ndiyo maana ukiugusa huteleza chini ya vidole. Ni kama jirani aliyejenga nyumba kubwa lakini akabaki ndani ya kiwanja chake. Anaweza kukubana, ila hajavuka mpaka.

Seli za malignanti huvuka. Viini vyake ni vikubwa, vina rangi nzito, na havilingani. Nyingi zinaonekana zikigawanyika. Jambo kubwa zaidi ni kwamba zimetoboa ule utando mwembamba unaozunguka mifereji ya maziwa na kuingia kwenye nyama ya kando. Zikishafika huko zinaweza kuingia katika mishipa ya limfu au ya damu na kusafiri hadi kwapani, kwenye mifupa, mapafu au ini. Zikiwa na sura ya saratani lakini bado zimo ndani ya mfereji, ripoti itasema "in situ", na hilo nalo linahitaji matibabu hata kama halijatoka nje.

Sasa nije kwenye jambo linalonifanya niandike. Shangazi yangu anauza omena soko la Kibuye. Alikuwa na miaka 52 alipogundua uvimbe kwenye titi la kushoto, juu upande wa kwapa. Ulikuwa mgumu, hauchezi ukiusukuma, na akiinua mkono ngozi ya juu yake ilikuwa inavutwa ndani kidogo. Akapigwa ultrasaundi, akachomwa sindano ya baiopsi, majibu yakatoka. Alinipigia simu akiwa na furaha.

"Mwanangu, wamesema ni binaini. Hakuna kansa. Mungu ni mwema."

"Asante Mungu, shangazi. Hebu nipigie picha hiyo karatasi nione."

Picha ilipofika nikasoma polepole. Karatasi ilisema kipande kina mafuta na nyuzi za kawaida za titi, na kwamba saratani haikuonekana. Jina la ugonjwa halikuwepo. Neno binaini lilitoka mdomoni mwa aliyemsomea pale dirishani, na karatasi yenyewe haikulisema.

Hapa ndipo pa kuwa makini. Sindano ya baiopsi inatoa uzi wa nyama wenye unene usiofika milimita 2. Maabara inauhifadhi kwenye formalini, inauzamisha katika nta, halafu tunakata utando wenye unene wa sehemu kama 4 kati ya 1,000 za milimita. Daktari anaona kile tu kilichofika kwenye kioo. Sindano ikipita pembeni mwa uvimbe, tutakata mafuta, tutapaka rangi mafuta, naye ataandika kwa haki kabisa kwamba hakuona saratani. Hajakosea. Kilichokosewa ni sampuli.

Kwa hiyo maneno "saratani haikuonekana" na maneno "hii ni fibroadenoma" hayana uzito sawa. La pili linakueleza kwa nini kuna uvimbe. La kwanza linasema tu kwamba ndani ya kipande kilicholetwa hakuna saratani. Mafuta ya kawaida hayawezi kuwa uvimbe mgumu unaovuta ngozi. Kuna kitu pale ambacho karatasi ya shangazi haikukieleza.

Madaktari wa matiti hulinganisha vitu vitatu: walichokishika kwa mikono, walichokiona kwenye ultrasaundi au mamografia, ile eksirei ya titi, na alichokiona mpatholojia. Vikikubaliana, jibu linaaminika. Kimoja kikipinga, kipimo hurudiwa. Ultrasaundi ya shangazi ilikuwa imetaja kingo zilizochongoka na zisizo sawa. Mikono ilisema hatari, picha ikasema hatari, sindano ikasema mafuta.

Nilimwambia, "Shangazi, tusisherehekee bado. Turudi kwa daktari tumuulize kama sindano ilifika kwenye uvimbe wenyewe."

Alinyamaza, kisha akasema, "Unataka waniambie nina kansa?" Swali hilo liliniuma. Lakini tulikwenda. Daktari alitusikiliza, akakubali, na safari hii sindano iliongozwa na ultrasaundi huku wakitazama ncha yake ikiingia ndani ya uvimbe. Walitoa nyuzi kadhaa badala ya moja.

Jibu la pili lilikuwa malignanti: kasinoma, yaani saratani, iliyotoka nje ya mifereji ya maziwa, gredi ya 2. Shangazi alisikia "ya 2" akadhani ugonjwa umefika hatua ya pili. Wengi hufikiri hivyo. Gredi ni jinsi seli zilivyoharibika sura na jinsi zinavyogawanyika kwa kasi, kuanzia 1 hadi 3, na inasomwa kwenye kioo. Hatua, ile wanayoiita steji, ni umbali ambao ugonjwa umefika mwilini. Inahitaji kujua ukubwa wa uvimbe, hali ya tezi za kwapani na picha za viungo vingine. Ripoti ya baiopsi peke yake haiwezi kukupa steji, kwa hiyo usiitafute pale wala usihesabu miaka iliyobaki kwa kuisoma.

Kitu ambacho kipande hichohicho kinaweza kutoa ni vipimo vya vipokezi, yaani sehemu za seli zinazopokea ishara ya kukua: vya homoni za estrojeni na projesteroni, na kile kinachoitwa HER2. Vinaamua dawa. Saratani ya shangazi ilikuwa na vipokezi vya estrojeni, na hiyo ilimfungulia mlango wa vidonge vya kuzuia homoni baada ya upasuaji. Ukiambiwa malignanti, uliza mapema kama vipimo hivyo vimeagizwa, kwa sababu mara nyingine kipande husafirishwa hadi maabara nyingine na siku zinapotea pale ambapo hakuna aliyekumbuka kuagiza.

Na ukiambiwa binaini, uliza maswali mawili. Uvimbe wangu unaitwa nani? Jibu hili linakubaliana na picha? Likitajwa jina na picha ikakubali, fibroadenoma ndogo inaweza kuachwa na kuangaliwa tu. Ukiona neno "atipia", jua kwamba seli hazijawa saratani lakini haziko sawa, na mara nyingi daktari atataka kutoa sehemu kubwa zaidi ili aikague yote.

Omba nakala ya ripoti na uandike namba ya maabara iliyo juu yake. Kile kipande cha nta hakitupwi majibu yakitoka. Hubaki kabatini, na kwa namba hiyo kinaweza kukatwa tena au kupelekwa kwa mpatholojia mwingine bila wewe kuchomwa sindano upya, mradi uvimbe ulikuwa umo ndani yake.