Usichore mstari kwenye pH 7: grafu ya magadi kwa wageni wa maabara

Wadogo zangu mlioanza mazoezi ya maabara hapa Arusha, nimeziona grafu zenu za magadi. Kazi ya bureti ni safi. Kinachoharibika ni pale mnapochukua rula na kutafuta nukta ya usawa, na kosa ni lile lile la kila kundi. Tulimalize leo.

1. Jueni kilichomo kwenye flaski. Magadi ya Ziwa Natron, haya haya yanayouzwa sokoni kwa kulainishia makande, kwa sehemu kubwa ni trona: Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O. Maana yake kuna kaboneti na baikaboneti pamoja, kwa hiyo mkitia HCl mtapata nukta mbili za usawa. Ya kwanza, kaboneti yote imekuwa baikaboneti. Ya pili, baikaboneti yote, ile ya asili na ile iliyozaliwa njiani, imekuwa kaboni dayoksaidi na maji.

2. Hapa ndipo kosa lenyewe lilipo. Tuseme trona ni safi: gramu 2.26 katika 250 cm³, mkapipeti 25 cm³, HCl ya 0.10 M. Flaski ina milimoli 1 ya kaboneti na milimoli 1 ya baikaboneti. Nukta ya kwanza, V₁, iko 10.0 cm³, ya pili, V₂, iko 30.0 cm³. Grafu inaanza karibu na pH 10, inashuka polepole, inainama kwenye 8.3, inalala muda mrefu, kisha inaporomoka kupita karibu na pH 4.

Mgeni anafanyaje? Amekariri kwamba usawa ni pH 7. Anavuta mstari wa mlalo kutoka 7 hadi kwenye mkunjo, anashuka chini, anasoma 13.7 cm³. Anaiita nukta ya kwanza na kuanza hesabu. Kaboneti inatoka milimoli 1.37 badala ya 1. Baikaboneti, ambayo ni V₂ kutoa V₁ mbili, inakuwa 30.0 − 27.4, yaani 2.6 cm³, sawa na milimoli 0.26. Robo tatu ya baikaboneti imepotea, na hakuna tone lililomwagika! Halafu ripoti inasema magadi yamechakachuliwa.

pH 7 ni ya asidi kali na besi kali tu. Kwenye magadi, pale pH 7 mko katikati ya bafa ya baikaboneti na kaboni dayoksaidi. Uangalieni mkunjo wenyewe: kwenye 13.7 pH inashuka kama 0.14 tu kwa kila cm³, lakini kwenye 10.0 inashuka 0.8. Nukta ya usawa hukaa penye mteremko mkali kuliko jirani zake wote. Kwa hiyo gawanyeni badiliko la pH kwa badiliko la ujazo, kila jozi ya vipimo, na thamani hiyo iwekeni katikati ya jozi, siyo mwishoni. Mkipima kila baada ya 0.5 cm³ na kuiweka mwishoni, kilele chote kinahama 0.25 cm³.

Mteremko wa kwanza ni mpole, nakubali, na jicho linaupita. Ndiyo maana kati ya 8 na 12 cm³ msitie HCl 2 cm³ kwa mkupuo. Punguzeni hadi 0.5, tikiseni vizuri, subirini kipima kitulie. Asidi ikirundikana sehemu moja, gesi inatoroka kabla ya zamu yake na V₁ inasogea.

3. Karibu na nukta ya pili, chemsheni kidogo kufukuza kaboni dayoksaidi, pozeni, kisha malizieni. Mporomoko utakuwa mkali zaidi. Kwa kiashiria, POP ni ya nukta ya kwanza na MO ya pili. Mkibadilisha, kila kitu kinapinduka.

4. Msikaushe sampuli kwenye tanuri la nyuzi 105 kabla ya kupima. Baikaboneti inatoa maji na gesi na kugeuka kaboneti. Mtaijua kwenye grafu: trona yenyewe inatoa V₂ mara tatu ya V₁, iliyookwa ikaisha inatoa mara mbili kamili. Mkiona mara mbili na nusu, ulizeni kwanza nani aliyewasha tanuri, au magadi yalikaa wapi kabla ya kufika kwenu.

5. Mkisoma grafu kutoka picha ya simu, pigeni ikiwa imekaa sawa juu ya karatasi, na hesabuni mistari ya mhimili wenyewe. Kuna grafu ambazo mhimili wa pH unaanzia 2, na mtu anayeanza kuhesabu kutoka sifuri anakosea nukta zote mbili kwa mara moja.