Mahali pa Kukata Sehemu ya Riwaya, na Siku ya Kuachia Inayofuata

Wiki iliyopita msomaji wangu mmoja wa Ujiji aliniandikia: "Dada, umenilaza na arosto, lakini safari hii sikukasirika." Ujumbe huo umenifurahisha mno, kwa sababu msimamizi mmoja wa kundi la hadithi aliwahi kunitoa kundini kwa kukataa kumalizia kila sehemu kwa mlango kugongwa. Bado sijamsamehe.

Katika sehemu aliyoisifia msomaji huyo, Mwajuma anafua nguo za mumewe, ambaye alipanda treni Kigoma akiaga kwamba anakwenda Dar es Salaam. Msimamizi yule angetaka nikate pale mlango unapogongwa, na siku tatu baadaye msomaji angekuta ni jirani amekuja kuomba chumvi. Wasomaji wakishadanganywa hivyo mara kadhaa, maoni yao hubadilika: badala ya kubishana nani ana hatia, huandika tu "leta nyingine", na wengine huacha kufuatilia hadi hadithi iishe.

Mimi nilikata pale Mwajuma anapokuta mfukoni kipande cha tiketi ya kurudi, kilichokatwa Mpanda. Wasafiri wa reli ya kati wanajua kwamba njia ya Mpanda huchepuka Kaliua, kabla ya kufika Tabora. Msomaji alikuwa amekwisha kupewa jambo jipya la hakika, yaani kwamba mume amedanganya, na ndipo akaachwa na swali la sababu. Sehemu iliyofuata ilimjibu katika aya za mwanzo: kuna mtoto Mpanda. Swali likahamia kwa mama wa mtoto huyo. Ukichelewesha jibu kwa sehemu nne, hiyo si taharuki tena. Ni kumzungusha mtu.

Ratiba nayo inaamua ukubwa wa swali. Mimi huachia Jumanne na Ijumaa, saa mbili usiku, na sehemu ya Ijumaa huipa swali zito zaidi kwa kuwa pengo lake ni refu kwa siku moja. Wavuvi wa dagaa huniambia kwamba usiku wa giza wako ziwani na karabai zao, na husoma kwa mkupuo mbalamwezi inapowarudisha nyumbani. Kwa ajili yao kila sehemu huanza na sentensi moja inayokumbusha swali lililoachwa.

Andika mbele, ndugu zangu! Usianze kuachia kabla hujawa na akiba ya sehemu nne, maana asiyejua jibu la swali lake ndiye anayekimbilia mlango kugongwa. Akiba ikibaki sehemu mbili, tangaza mapema kwamba utaachia Ijumaa pekee. Na kama unakwenda mapumziko ya wiki kadhaa, funga kwanza swali lililo wazi, uache dogo tu: Mwajuma amekwisha kujua ukweli wote, na anakata tiketi ya Mpanda.