Oili ya injini kwenye gari la gesi

"Nina IST ya teksi mtandao hapa Dar, nimefunga mfumo wa gesi asilia. Fundi anasema oili sasa inaenda hadi 10,000 kwa sababu haichafuki. Na niweke oili gani?"

Fundi wako yuko sahihi nusu. Gesi haiachi masizi mengi kama petroli, wala haivuji kuingia kwenye oili na kuilainisha, ndiyo maana ukichomoa kijiti bado inang'aa. Lakini rangi haikwambii chochote hapo. Joto ndani ya silinda linaichosha oili polepole: inakuwa nzito na viungo vyake vya kinga vinaisha, huku macho yakiona asali.

Kwako kuna foleni pia. Ukikaa Ubungo injini ikiunguruma, kilomita hazisogei ila oili inafanya kazi. Kwa teksi mimi ningebaki kwenye 5,000, na filta mpya kila mara. Ukitembea kilomita 150 kwa siku, hiyo ni kama mwezi na siku chache.

Aina: 5W-30 ile ile ya kitabu cha gari, ilimradi si feki. Wapo wanaosifia oili maalumu ya injini za gesi, lakini hiyo ya mitambo mikubwa na malori usiitie. Gari lako bado linawaka kwa petroli asubuhi.

Kama injini ni kuukuu na inakula oili, hapo 5W-40 inajadilika. Mafundi hawakubaliani.