Benki imeingia milioni 650, mauzo ni 400: pingamizi linaandikwaje?

*Swali: Habari mtaalamu. Kampuni yetu inauza vifaa vya ujenzi hapa Kahama na tumesajiliwa VAT. TRA wamekagua mwaka 2022 wakatuletea tathmini mbili, kodi ya mapato milioni 75 na VAT milioni 45, riba bado. Wanasema benki na lipa namba ziliingia milioni 650 wakati tulitangaza mauzo ya milioni 400. Kaka mmoja anatushauri tuandike barua ya kuomba tupunguziwe kwa sababu biashara ni ngumu, na vitabu atavitengeneza upya kwa laki nane. Hati tulipokea siku tisa zilizopita. Nimekuambatishia steitimenti na madaftari yetu. Tuandike nini?*

Dada, zimebaki siku 21, na hizo ndizo zinanitia wasiwasi kuliko hiyo milioni 120. Sheria ya Usimamizi wa Kodi inakupa siku 30 tangu ulipokabidhiwa hati. Ndani ya siku hizohizo unatakiwa ulipe kiasi usichokibishia au theluthi moja ya kodi iliyotathminiwa, kile kilicho kikubwa. Kwenu theluthi ni milioni 25 kwa kodi ya mapato na milioni 15 kwa VAT. Kama hamna pesa hiyo, andikeni mapema barua nyingine, mbali na pingamizi, mkimwomba Kamishna Mkuu apunguze au aondoe sharti hilo, na muonyeshe kwa nini hamuwezi. Pingamizi lisilo na malipo wala msamaha wa malipo halipokelewi hata kama limeandikwa na profesa. Na kwa kuwa tathmini ni mbili, pingamizi nazo ni mbili.

Sasa hiyo barua ya "biashara ni ngumu". Naiona karibu kila mwezi na kila mara inanichosha. Mtu anaandika kurasa tatu: ana wafanyakazi sita, ana watoto shuleni, ni mlipakodi mwaminifu tangu 2015, Uviko ulimwathiri. Huenda yote ni kweli, lakini hakuna hata sentensi moja inayogusa tathmini. Mkaguzi hakusema wewe ni mtu mbaya. Alitoa 400 kwenye 650, akapata 250, akaipiga asilimia 30 na asilimia 18. Hiyo ni hesabu, na kinachoiangusha ni hesabu nyingine yenye vielelezo. Mkifika Bodi ya Rufaa za Kodi, mzigo wa kuthibitisha kwamba tathmini imezidi au imekosewa utakuwa wenu, si wa TRA.

Nimekaa na makaratasi yako usiku mbili. Kosa la kwanza lilinifanya nicheke, maana ni lilelile la siku zote. Milioni 400 kwenye ritani ni mauzo bila VAT. Mteja akija dukani halipi bila VAT. Ripoti zenu za Z za mashine ya EFD zinaonyesha jumla ya milioni 472, yaani 400 za mauzo na 72 za kodi. Pesa inayoingia benki ina VAT ndani yake, kwa hiyo mkaguzi amelinganisha nazi na vifuu. Kabla hujaeleza chochote kingine, milioni 72 za ile tofauti zimeshapata jibu.

Kosa la pili ni kuchukulia kila shilingi iliyoingia kuwa ni mauzo. Nimepitia miamala iliyoingia mmoja mmoja, na hii ndiyo kazi yenyewe, haina njia ya mkato. Mkopo wa benki wa mwezi Machi ni milioni 60. Milioni 84 zilitoka lipa namba kwenda akaunti ya benki, na mkaguzi alizihesabu zilipoingia kwenye simu, akazihesabu tena zilipotua benki. Milioni 25 ni za mkurugenzi, alizoweka baada ya kuuza kiwanja. Hundi za milioni 6 zilirudi bila kulipwa, zikawekwa upya. Na milioni 31 ni madeni ya wateja wa 2021, ambayo yalishatangazwa na kulipiwa VAT mwaka huo. Jumla ni milioni 206. Ukiziondoa kwenye 650, zinabaki milioni 444.

Wengi wakifika hapo huweka kalamu chini, wakidhani wamemaliza. Lazima uje na kutoka upande wa pili. Mliuza kwa milioni 472. Hadi tarehe 31 Desemba 2022 wateja walikuwa bado wanawadai... hapana, ninyi mlikuwa mnawadai wateja milioni 38, kwa hiyo hizo hazikuingia popote. Milioni 13.6 zilipokelewa taslimu zikatumika hapohapo dukani, kwa vibarua wa kushusha saruji, nauli za gari na umeme, bila kupita benki. Kwa hiyo kilichotakiwa kuingia benki ni milioni 420.4, na kilichoingia ni 444.

Kuna milioni 23.6 ambazo siwezi kuzieleza. Nimezitafuta, nimekupigia simu mara mbili, na wewe pia huzijui.

Hapo ndipo watu wanapotaka nizifunike. Sizifuniki. Gawanya 23.6 kwa 1.18 upate mauzo ya milioni 20 na VAT ya milioni 3.6. Kama manunuzi yenu yote tayari yako vitabuni, hiyo milioni 20 inaingia yote kwenye faida, na kodi yake ya mapato ni milioni 6. Ikubalini katika barua kwa maneno ya wazi, kwa sababu mkaguzi ana steitimenti ileile niliyonayo mimi. Akiona umeacha shimo hilo bila kusema, ataanza kutilia shaka hata ile milioni 60 ya mkopo. Badala ya milioni 120 mnakubali milioni 9.6 pamoja na riba yake, na hilo unaweza kulisimamia mbele ya mtu yeyote.

Kwenye matumizi nimetumia kipimo kimoja ambacho nakipenda kwa biashara ya bidhaa. Mali iliyokuwepo mwanzo wa mwaka, ongeza manunuzi, toa mali iliyobaki mwisho wa mwaka: bidhaa zilizouzwa ziliwagharimu milioni 340. Kwa mauzo ya 400, faida ghafi ni 60, asilimia 15. Lakini kwa mauzo ya 650 ya mkaguzi faida ghafi ingekuwa 310, karibu nusu ya kila shilingi inayoingia. Muulize muuza nondo, mabati na saruji yeyote Kahama kama amewahi kuiona faida hiyo. Hoja hii inasimama tu kama manunuzi yenyewe yamelingana, kwa hiyo niliyapima pia: deni la mwanzo kwa wauzaji wenu, ongeza ankara za mwaka, toa malipo mliyowapa, na kinachobaki kilingane na mnachodaiwa mwisho wa mwaka. Kwenu kimelingana, isipokuwa ankara moja ya mabati iliyoandikwa mara mbili, ambayo nimeirekebisha kabla ya kufikia 340.

Kuhusu kodi mliyokwisha kulipa, chukua kila awamu ya mwaka 2022, weka kontroo namba yake pembeni ya tarehe na kiasi, kisha linganisha na taarifa ya akaunti yenu ya TRA. Awamu ya Septemba haionekani kwenye kodi ya mapato. Ombeni ihamishiwe mahali pake, katika aya yake yenyewe.

Barua sasa haina ugumu. Iandikwe kwa Kamishna Mkuu, itaje TIN, namba na tarehe ya hati, na siku mliyoipokea. Kisha kila sababu ipewe namba, kiasi na kielelezo. Kwa mfano:

"Sababu ya pili. Shilingi 84,000,000 zimehesabiwa mara mbili. Fedha hizi zilipokelewa kwa lipa namba na kuhamishiwa akaunti ya benki katika tarehe zilizoorodheshwa kwenye Kielelezo C. Kila uhamisho umewekewa namba ya muamala upande wa simu na upande wa benki. Tunaomba kiasi hiki kiondolewe kwenye mauzo yaliyokadiriwa."

Zote ziende hivyo. Mkopo uambatane na barua ya benki ya kuutoa, kiwanja na hati ya mauziano pamoja na muamala wenyewe, madeni ya 2021 na ankara zake na ripoti za Z za mwaka ule. Mwishoni taja kodi mnayoona ni sahihi kwa tarakimu. Barua inayosema "tathmini ni kubwa mno" bila kusema ilipaswa kuwa ngapi inamwachia ofisa aamue mwenyewe.

Nimrudie huyo kaka wa laki nane. Vishoka wa namna hii wamejaa, na msimu wa ukaguzi wanazunguka madukani kama wauza maji. Mwaka juzi mteja aliniletea kaunta buku aliyotengenezewa: mauzo ya mwaka 2021 yote, mwandiko mmoja, wino mmoja, hakuna hata doa la chai. Niligeuza jalada la nyuma nikakuta kalenda ya 2024. Alikuwa amelipa laki sita. Na hata kama kalenda isingekuwepo, mauzo ya EFD yanatumwa TRA kila siku. Kitabu kipya ama kinalingana na Z, na basi hakikuongeza kitu, ama hakilingani, na basi umewapelekea ushahidi dhidi yako ukiwa na mhuri wa kampuni. Kosa la hesabu linarekebishwa kwenye pingamizi. Nyaraka za kughushi ni kesi ya jinai, na atakayesimama kizimbani ni mkurugenzi aliyesaini, kwa sababu kishoka hasaini popote. Jaribu kumwomba aandike jina lake na namba yake ya usajili wa ushauri wa kodi chini ya barua, uone kama simu yake itapatikana kesho.

Hata wasioghushi wana hasara yao. Wanakwambia "tumeshaongea na mtu ndani", wiki zinapita, siku ya 31 inafika na hakuna karatasi yoyote iliyogongwa mhuri. Nimeona tathmini mbovu kabisa, ambazo ningeziondoa kwa ulinganisho wa kurasa mbili, zikageuka deni halali kwa sababu ya mazungumzo ya kwenye simu.

Madaftari yenu ya zamani yaacheni yalivyo, na mafuta ya gari yaliyomwagikia ukurasa wa Juni yabaki palepale. Pelekeni nakala mbili za kila pingamizi, moja irudi ikiwa na mhuri wa mapokezi na tarehe. Baadaye TRA wakiwaandikia kwamba wanakusudia kukataa sehemu ya hoja, mtapewa siku 30 nyingine za kujibu kabla ya uamuzi, na hapo niletee barua hiyo siku hiyohiyo. Kwa sasa nahitaji ile hati ya mauziano ya kiwanja. Uliyonitumia haina ukurasa wa sahihi.