Mlinzi hapungui ukuta ukipungua: jinsi ninavyopanga bei ya tenda Lamu

Kazi ilikuwa wiki ya sita pale Langoni, ghala na ukuta wa ua, mwenye kazi aliponipigia simu. Ukuta hautaki tena, pesa zake zimepata shughuli nyingine, ila ghala liendelee kama kawaida. Nikamwambia sawa, tajiri. Mkataba ulimruhusu kupunguza kazi, nami nilidhani nimepoteza faida ya ukuta tu.

Usiku nilipofungua jedwali langu la bei ndipo jasho likanitoka. Gharama zote za kuendesha kazi, yaani msimamizi, mlinzi, kodi ya chumba cha saruji na maji, nilikuwa nimezinyunyiza ndani ya bei ya kila kipimo. Ukuta ulikuwa thuluthi ya kazi, kwa hiyo thuluthi ya mshahara wa mlinzi ilikwenda nao. Mlinzi mwenyewe hakwenda popote. Ghala lilihitaji miezi minne, ukuta uwepo usiwepo.

Kazi ile nimeipangia bei upya mara nyingi tangu hapo, safari hii kwa kutulia. Nakupitisha humo, kwa bei za wakati ule. Wewe tia zako.

Naanza na gharama ya kazi yenyewe, mstari kwa mstari: vifaa, mafundi, vibarua, zana. Chukua mita moja ya ujazo ya zege la moja kwa mbili kwa nne. Hula mifuko sita na kitu ya saruji ya kilo 50, na ukiongeza inayomwagika na kupasuka unafika 6.7. Mfuko niliununua Mokowe, upande wa bara, kwa shilingi 850. Lakini zege halimwagwi Mokowe. Kupakia na kuvusha kwa mashua, 60. Kutoka ufukoni hadi vichochoroni kwa punda, 50. Mfuko ukatua kazini kwa 960. Mchanga na kokoto nazo zilipanda mashua na mgongo wa punda, na hapo ndipo wageni wa kisiwa hiki huumia, kwa sababu hubeba bei ya bara wakaiandika kwenye tenda ya mji usioingia lori. Nilipojumlisha na vibarua wa kukoroga kwa mkono, mita ile ilinigharimu 16,800. Hapo hakuna faida wala mlinzi.

Mistari yote kwa jumla ilikuwa 2,400,000.

Hatua ya pili ni gharama za uendeshaji, na hizi nazigawa mafungu mawili. Fungu la kwanza linakwenda na mwezi: msimamizi 40,000, mlinzi 18,000, chumba cha saruji 8,000, maji na simu 4,000. Hizo ni 70,000 kwa mwezi, na kwa miezi minne 280,000. Fungu la pili ni la ofisi: kodi, leseni, karani, mambo yanayoniandama hata nisipokuwa na kazi. Kwa mwaka yalinitoka 600,000, na kazi nilizotarajia mwaka ule zilikuwa za gharama ya milioni 10. Basi kila shilingi 100 ya kazi ibebe 6 za ofisi. Kwa kazi hii ni 144,000. Wengi huchukua asilimia 10 waliyosikia kwa mwenzao na kuiita uendeshaji bila kuhesabu. Kazi ndefu yenye vifaa vya bei rahisi huwamaliza, maana mlinzi hulipwa kwa muda, si kwa thamani ya matofali.

Sasa tumefika 2,824,000.

Hatua ya tatu ni akiba ya hatari. Zamani niliandika “dharura, asilimia 5” nikapita. Siku hizi nakaa na msimamizi, tunataja jambo moja moja: likitokea litakula kiasi gani, na katika kazi 10 kama hii litatokea ngapi? Mto Tana ukifurika barabara ya Garsen hukatika, na lori la nondo husimama huko. Wiki mbili za kungoja, pamoja na vibarua waliokaa bure, ni 60,000. Tulikuwa tunaingia masika, tukasema nusu kwa nusu, basi 30,000. Saruji kulowa mashuani: mifuko 20, hasara kama 19,000, mara moja katika tano, basi karibu 4,000. Vifaa kupanda bei: 54,000, nusu kwa nusu, 27,000. Msingi wa zamani kukutwa chini: 90,000, mara moja katika tatu, 30,000. Jumla 91,000.

Hesabu hii ina udhaifu wake. Ile 30,000 ya msingi haitoshi msingi ukikutwa, wala haihitajiki usipokutwa. Ni wastani, na wastani humfaa mkandarasi aliye na kazi nyingi, maana hii hufidia ile. Ikiwa jambo moja likitokea litakufunga duka, usilitie kwenye wastani. Liandike kwenye barua ya tenda kama sharti: “Bei hii haihusu kuvunja msingi wa zamani, ukikutwa utapimwa na kulipwa kwa bei ya mstari fulani.” Kwa mtu binafsi sharti hilo hujadiliwa vizuri kwa kikombe cha kahawa. Kwa tenda ya serikali angalia kwanza, kwani sharti lisiloruhusiwa laweza kukutoa mashindanoni.

Pamoja na hatari tuna 2,915,000. Inabaki faida, nami nilitaka 12 katika kila 100 nitakayolipwa. Hapa nilikosea miaka. Nilikuwa nikizidisha gharama kwa 1.12, napata 3,264,800, halafu mwisho wa kazi nashangaa faida haifiki 11 kwa 100. Asilimia 12 ya gharama si asilimia 12 ya bei. Ukitaka 12 ya bei, gharama ni zile 88 zilizobaki, basi gawanya:

```
2,915,000 / 0.88 = 3,312,500
```

Tofauti ni 47,700, mshahara wa msimamizi wa zaidi ya mwezi mmoja.

Hatua ya mwisho ni kuirudisha bei ile kwenye jedwali, na hapa ndipo ukuta wa Langoni ulipoanguka. Zile 280,000 za miezi minne sasa zina mstari wao juu kabisa, kwenye kazi za awali. Pamoja na faida yake ni 318,000, na nauandika kwa mwezi, si kwa jumla. Zinazobaki ni 2,994,500. Zigawe kwa gharama ya kazi, 2,400,000, unapata 1.25 hivi. Kila bei ya kipimo naizidisha kwa namba hiyo, na zege la 16,800 linaandikwa 21,000. Mwenye kazi akiufuta ukuta, unaondoka na gharama zake, faida yake na sehemu ya ofisi. Mlinzi analipwa hadi funguo za ghala zikabidhiwe. Kama jedwali ulilopewa halina sehemu ya kazi za awali, omba iongezwe kabla ya siku ya kufungua tenda, kwa maandishi.

Halafu mpe mtu mwingine azidishe na kujumlisha upya. Kwa tenda za umma hapa Kenya, sheria ya ununuzi ya 2015 inasema jumla iliyosomwa siku ya kufungua ndiyo ya mwisho, hairekebishwi. Mimi humpa binti yangu, aliye kidato cha tatu. Mara ya mwisho alinirudishia karatasi akaniuliza, “Baba, huu mstari wa plasta umeuacha mtupu kwa makusudi?” Sikuwa na makusudi yoyote, na mstari mtupu huhesabiwa kuwa umelipwa ndani ya bei nyingine. Plasta nzima ningeifanya bure.