Skrinshoti ya saini ya kielektroniki: saa 5 usiku, Android 10 na Dar vinamaanisha nini

*"Nipo Moshi, naendesha watalii kwa msimu. Kampuni ya Arusha imenitumia skrinshoti WhatsApp, eti nilisaini mkataba mpya wa malipo ya chini. Inaonyesha nilisaini 6/5/2025 saa 5 usiku, simu Android 10, eneo Dar es Salaam. Tarehe 6 mwezi wa 5 nilikuwa nimelala nyumbani, simu yangu ni Android 13, na Dar sijafika mwaka huu. Si wamegushi hapo?"*

Mkuu, inawezekana wamegushi, lakini hayo matatu uliyoyashika hayathibitishi. Ukienda nayo mezani, mtu wao wa kompyuta atayapangua kwa dakika tano na utaonekana mwongo. Mimi nashughulikia mikataba ya madereva na ya loji kwenye ofisi ya utalii hapa Arusha, karatasi za namna hii napitia kila msimu. Nimeikuza picha yako, nikaziba namba za IP, yaani anwani za mtandao, pamoja na mstari wa eneo. Kilichobaki ni hiki:

```
Time Zone: Pacific Time (US & Canada)
Sent    6/5/2025 10:02:31 PM
Viewed  6/5/2025 10:03:02 PM
Viewed  6/5/2025 11:12:40 PM
Signed  6/5/2025 11:14:08 PM
Device  (Linux; Android 10; K) Chrome/136.0.0.0 Mobile
```

Anza na ule mstari wa juu ambao wengi huuruka. Hizo ni saa za pwani ya magharibi ya Marekani, si za kwetu. Huduma nyingi za kusaini huja zikiwa zimewekwa saa za huko au saa za kimataifa za UTC, na kama aliyefungua akaunti ya kampuni hakubadilisha, kila karatasi itatoka hivyo hivyo. Na tarehe nayo ni ya Kimarekani, mwezi unatangulia siku. Kwa hiyo 6/5 hapo ni tarehe 5 Juni, si 6 Mei.

Sasa badilisha. Mwezi Juni Wamarekani wanakuwa wamesogeza saa zao mbele, hivyo pwani ile inakuwa nyuma yetu kwa saa 10. Kuanzia Novemba hadi mapema Machi tofauti inakuwa saa 11. Hapa kuna mtego mdogo: baadhi ya karatasi huandika UTC-08:00, yaani saa 8 nyuma ya UTC, mwaka mzima hata wakati saa zimesogezwa, kwa hiyo angalia tarehe, usitegemee ile -08:00. Ukiongeza saa 10 kwenye 11:14 PM ya Alhamisi tarehe 5 Juni unapata 9:14 AM ya Ijumaa tarehe 6 Juni. Kwa saa zetu ni saa 3 na dakika 14 asubuhi.

Hesabu hiyo ihakiki kwa mstari wa Sent. 10:02 PM inageuka saa 2:02 asubuhi, muda ambao karani ndiyo kwanza amefika, amewasha kompyuta na anatuma kazi. Saa za ofisi zikikaa vizuri namna hiyo, ujue umebadilisha sawasawa. Kwa hiyo achana na usiku wa tarehe 6 Mei. Swali lako la kweli ni hili: asubuhi ya Ijumaa tarehe 6 Juni, kati ya saa 3 na saa 3 na robo, ulikuwa wapi? Kama ulikuwa barabarani na wageni, tafuta karatasi ya getini, risiti ya mafuta, picha za wageni zenye muda. Kama ulikuwa sehemu isiyoshika mtandao, hilo lina uzito kuliko Android yote unayoitaja.

Tuje kwenye Android. Brauza ya Chrome, tangu mwaka 2023, imeacha kutaja toleo halisi la Android na aina ya simu, kwa ajili ya faragha. Simu zote zinajitambulisha kwa neno moja: `Android 10; K`. Samsung mpya, Tecno ya miaka mitano, yako ya Android 13, yangu pia, zote zinaandika hivyo. Hiyo K si jina la simu. Kwa hiyo mstari huo unakwambia tu kwamba aliyesaini alitumia Chrome, au brauza ya jamii hiyo, kwenye simu ya Android. Ungekuwa na aifoni, hapo ungekuwa na hoja nzuri sana. Kwa kuwa na wewe ni wa Android, haukuokoi wala haukufungi. Kompyuta nazo ziko hivyo: Windows 11 hujiandika `Windows NT 10.0`, usije ukamwambia mtu eti kompyuta yenu ni Windows 11 kwa hiyo si hiyo.

Na Dar es Salaam? Hilo eneo halitoki kwenye GPS ya simu yako. Linakisiwa kutokana na anwani ya IP, na IP za mitandao ya simu mara nyingi huonekana zipo Dar hata kama mtumiaji yuko Rombo, kwa sababu ndiko zilikosajiliwa. Zaidi ya hapo, laini nyingi hushirikiana IP moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo IP yenyewe haimtaji mtu. Mtandao wa simu unaweza kufuatilia ni laini ipi, ila hautampa mtu taarifa hizo kaunta, hadi polisi au mahakama iombe. Anayetumia Opera Mini ndiyo kabisa, anaweza kuonekana yuko Ulaya, maana kurasa zake zinapitia seva za Opera.

Kitu nilichoona mimi kwenye picha yako, na wewe hukukigusa, ni ile Viewed ya kwanza. Imekuja sekunde 31 baada ya kutumwa, kisha kimya zaidi ya saa nzima, ndipo ikaja Viewed ya pili na saini. Viewed haina maana kwamba mtu amesoma. Ina maana linki imefunguliwa na kitu fulani. Kuna barua pepe za kiofisi ambazo mfumo wake wa ulinzi hufungua kila linki kuikagua kabla mwenyewe hajaiona. Na kama karani aliinakili linki akaibandika WhatsApp, simu yake huenda kuchungulia ukurasa ili itengeneze kile kipicha cha chini ya ujumbe, na baadhi ya huduma zinaweza kuhesabu hilo kama kufunguliwa. Hapo kwenye Device utaona neno `WhatsApp/2` na namba zake, na IP itakuwa ya aliyetuma, si ya aliyetumiwa. Skrinshoti yako imekata kifaa cha mstari huo, na mimi ningetaka sana kukiona.

Sasa lililo zito. Kwenye saini nyingi za namna hii, linki ndiyo ufunguo. Aliyenayo anasaini, bila kuulizwa kitambulisho, isipokuwa kampuni iwe imewasha uthibitisho wa ziada kama namba ya siri ya SMS. Kwa hiyo neno la kutafuta kwenye karatasi nzima ni barua pepe iliyopokea linki. Skrinshoti yako haina. Na kwa madereva wetu hapo ndipo penye vumbi, kwa sababu barua pepe ya mtu mara nyingi ilifunguliwa steshenari siku ya kuomba leseni, nywila anayo kijana wa steshenari, au mpwa wake, au hakuna mtu yeyote anayeikumbuka.

Niliwahi kukalia kesi kama yako kwenye kampuni niliyokuwa zamani. Dereva alikana, ofisi ikasema saini ipo. Tulipotoa faili zima, IP ya Sent na IP ya Signed zilikuwa moja. Wengine wakaruka: ofisi imejisainia! Mzee mmoja wa uhasibu akasema tulieni, dereva akija kusaini hapa kwa waifai ya ofisi IP itakuwa hiyohiyo. Na kweli, madereva watatu wengine walikuwa na IP hiyo na hawakukana. Kilichoamua ni vitu viwili vikiwa pamoja. Kifaa cha kusainia kilikuwa `Windows NT 10.0`, wakati wale watatu walikuwa na Android. Na barua pepe iliyopokea linki haikuwa ya dereva, ilikuwa moja iliyofunguliwa na karani kwa jina la dereva "ili kurahisisha kazi". Karani mwenyewe alikiri, hakuona ubaya. Mkataba ukafutwa, akalipwa kwa ule wa zamani. Kila kimoja peke yake kisingetosha.

Kwa hiyo usiandike "mmegushi". Waandikie hivi, kwa barua pepe ili ibaki kumbukumbu:

"Naomba faili halisi la PDF la mkataba pamoja na ukurasa wa kumbukumbu za saini, lililopakuliwa moja kwa moja kutoka kwenye mfumo, si picha wala lililochapishwa upya. Naomba pia kujua barua pepe iliyotumiwa linki na njia ya uthibitisho iliyotumika."

Likija, lifungue kwenye kompyuta kwa Adobe Reader. Faili lililofungwa na huduma yenyewe kwa kawaida huonyesha juu `Signed and all signatures are valid`. Likihaririwa baadaye, au likichapishwa upya kuwa PDF, ujumbe huo unapotea au unageuka onyo. Kisha linganisha namba ya hati: ile iliyo kwenye kila ukurasa wa mkataba lazima ifanane na ya ukurasa wa kumbukumbu. Angalia hasa ukurasa wenye kiwango cha malipo. Ukurasa wa kumbukumbu wa mkataba mwingine ukibandikwa nyuma ya mkataba huu, namba ndiyo itakayousema.

Wakigoma kutoa zaidi ya skrinshoti, hilo lina maana yake kisheria. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inakubali ushahidi wa kielektroniki, lakini uzito wake unapimwa kwa namna ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa, na jinsi mtumaji alivyotambuliwa. Picha iliyokatwa ya WhatsApp haijibu hata moja.

Wakati unasubiri, ingia kwenye barua pepe yako leo, tafuta jina la kampuni hadi kwenye takataka na spamu. Kama linki ilikuja kwako na imeshafunguliwa, ni bora ujue wewe kabla yao. Na kama unahesabika mwajiriwa, angalia kalenda: mgogoro usiohusu kuachishwa kazi unapelekwa CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 60 tangu ulipozuka, na wa kuachishwa ni siku 30. Wakikuzungusha na "faili tunalitafuta" hadi siku zikapita, utaanza kwa kuomba kuongezewa muda kabla hata saini haijaguswa.